Maji Yamerudi na Rangi ya Chai? Achana na Dakika, Hesabu Ndoo

Sinza, Alhamisi saa nne usiku. Maji yalikatika tangu Jumatatu, sasa bomba limeanza kukohoa na mtaa mzima unashangilia. Dada mmoja anayekodisha magauni ya harusi (jina kapuni, wateja wake wanamjua) hakusubiri. Gauni jeupe la Jumamosi likaingia kwenye mashine ya kufulia na yale maji ya kwanza kabisa. Lilipotoka, lilikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Akamimina jiki. Jamani! Jiki ikikutana na maji yenye chuma huzidisha kutu, na kutu hiyo inang'ang'ania kwenye nyuzi za nguo. Gauni likawa na mabaka ya machungwa kifuani.

Kilichookoa jahazi ni ndimu na chumvi, ila si palepale. Kwanza alilisuuza mara nyingi mpaka harufu ya jiki ikaisha yote, maana jiki ikichanganyika na ndimu inatoa hewa yenye sumu. Akajaribu kwenye pindo la ndani, akaona rangi ya kitambaa haiharibiki, ndipo akapaka kwenye mabaka. Bibi harusi alilivaa. Ukikodolea macho lesi bado unaona kivuli, lakini nani anakodolea?

Usiku ule ule alikuwa ameacha bomba la jikoni wazi dakika tano, kama walivyomwambia kwenye grupu la WhatsApp. Maji bado kahawia. Akamgongea mzee mmoja fundi bomba, jirani yake.

"Shikamoo fundi. Dakika tano zimepita, mbona hayatakati?"

"Marahaba binti. Dakika tano za bomba lenye presha na dakika tano za bomba linalotiririka kama kojo la mtoto ni sawa? Leta ndoo."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kutoka mita hadi bomba la uani ni kama mita 30 za bomba la inchi robo tatu, na kila mita moja inabeba takriban theluthi ya lita. Kwa hiyo bomba lote lina lita 10 hivi, yaani nusu ya ndoo ya lita 20. Ukijaza ndoo mbili, maji yaliyolala bombani yameshabadilishwa mara nne. Kama bado ni kahawia, basi uchafu unaendelea kuingia kutoka mahali fulani, na kuyaacha yakimwagika ni kulipia kutu ya watu kwenye bili yako.

Akaanza na bomba la uani, lililo karibu zaidi na mita. Alifungua taratibu mpaka hewa ikaisha kutema, kisha akaachia lote, maana kutu iliyotuama chini haiondoki bila msukumo. Koki ya simtanki, ya hita na ya mashine zote zikafungwa kwanza. Ndoo ya kwanza chai, ya pili chai hafifu, ya tatu vilevile. Zote zikawekwa za chooni.

Akakinga glasi moja pale kwenye mita. Nayo kahawia. Hapo jibu likapatikana: kutu ilikuwa ya bomba kubwa la barabarani, iliyovurugwa maji yaliporudi kwa kasi. Akafunga kila kitu, wakakaa saa nzima. Saa sita na nusu usiku, ndoo moja tu ilitosha, maji yakatoka meupe. Ndipo wakafungua bomba za ndani moja moja, wakifungua na vichujio vya mdomoni kutoa chembe.

Ingekuwa glasi ya kwenye mita ni safi na ndani bado kahawia, mgonjwa angekuwa bomba la chuma la nyumba yenyewe. Hilo linajulikana hata bila maji kukatika: kila asubuhi maji ya kwanza yanatoka na rangi, halafu yanatakata. Ndoo hazitibu hapo, ni kubadilisha bomba.

Na weupe wa glasi si ruhusa ya kunywa. Bomba likiwa tupu, maji machafu ya ardhini huweza kupenya kwenye nyufa, kwa hiyo yanachemshwa kama kawaida. Yakitoka meusi na kunuka kama choo, hiyo si kutu tena; yanafungwa na mamlaka ya maji inapigiwa simu.

Jirani wa nyumba ya pili yeye alikuwa ameshajaza simtanki lake lote kabla ya kuona rangi. Mzee alimwambia asiliguse mpaka asubuhi, kutu ishuke, kisha afungue koki ya chini kabisa. Ndoo ya kwanza iliyotoka ilikuwa tope tupu.