Faida Isikupumbaze
Ninapomfupishia mjumbe wa bodi ya shule taarifa za fedha za mwaka, siishii kwenye faida. Hugawanya mali za muda mfupi kwa madeni ya kulipwa ndani ya miezi 12. Tuseme mwaka juzi ilikuwa milioni 90 kwa 60, yaani 1.5, mwaka jana 72 kwa 60, yaani 1.2, mwaka huu 56 kwa 70, yaani 0.8. Kila shilingi 100 ya deni ina shilingi 80 tu za kuilipa, na huenda nyingi ni karo ambazo bado hazijalipwa.

Kisha tafuta katika ripoti ya mkaguzi maneno “shaka kubwa” kuhusu uwezo wa shule kuendelea na shughuli. Hata hati safi yaweza kuwa na onyo hilo. Ukilikuta, uliza: mishahara ya mwaka ujao italipwa kwa fedha zipi?