Mwajiri Hasomi Imeli Yako, Anaipitia Tu

Wasee, tuongee ukweli. Mwaka 2018 kampuni ya Ladders kule Marekani ilifuatilia macho ya watu wanaoajiri, ikapata kwamba wasifu mmoja unaangaliwa kwa wastani wa sekunde 7.4. Huo ni wasifu. Imeli inayouleta usitegemee ipewe muda zaidi.

Hata kabla hajaifungua, simu yake inamwonyesha vitu vitatu: jina lako, kichwa cha imeli, na maneno machache ya kwanza. Sasa ukianza na "Natumaini barua hii imekupata ukiwa salama," nafasi yote imeisha na bado hajui unataka nini.

Tuseme unaomba kazi ya keshia Nakuru. Kichwa cha "Maombi ya kazi" kinafanana na cha kila mtu. Andika "Keshia, Nakuru: miaka 2 supamaketi". Kama tangazo lina namba ya kazi, ianze hiyo, juu huenda wakatafuta kwa namba. Ndani, salamu fupi, halafu moja kwa moja: "Naomba kazi ya keshia. Nimefanya miaka 2 kwa supamaketi na naweza kuanza Jumatatu."

Baada ya hapo, aya mbili za mistari mitatu, na nafasi katikati. Jicho likikutana na ukuta wa maneno, linaruka. Mambo ya shule yako kwa wasifu tayari, usiyarudie.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe kwanza, ufungue kwa simu. Ukilazimika kushuka chini ndio uone unaomba nini, bado ni ndefu. Punguza.