“Dada, Hiyo Pesa Mimi Sijaiona”

Jirani yangu hapa Birmingham alinunua ploti Kilifi kupitia dalali. Waliafikiana malipo ya kwanza yawe shilingi 680,000, naye akatuma pauni 4,000 kutoka benki yake ya hapa kwenda akaunti ya dalali Mombasa. Wiki tatu baadaye akapigiwa simu: “Dada, hiyo pesa mimi sijaiona.” Akamtumia picha ya skrini ya simu yake inayoonyesha hela imetoka. Dalali akajibu kwamba kutoka si kufika.

Na kwa hilo, dalali alikuwa na haki. Picha ile ilionyesha upande mmoja tu. Stetimenti yako ni kumbukumbu ya akaunti yako: inasema pesa iliondoka, tarehe gani na kiasi gani. Akaunti ya mwenzako haiijui.

Ndani ya Uingereza tofauti hii haisumbui sana. Malipo mengi ya watu wa kawaida hupita mfumo wa Faster Payments, ulioanza 2008, na katika mfumo huo benki ya mpokeaji hujibu kwanza kama imekubali au imekataa, ndipo muamala ukamilike. Mwenye nyumba akikana kodi, benki yako inaweza kukwambia muda ule ule kwamba upande wa pili walipokea. Nyumbani nako M-Pesa imetuzoesha jambo hili kwa njia yake: ujumbe unakuja na jina la aliyepokea, kiasi, saa na namba ya muamala, na mwenzako anapata ujumbe wenye namba ile ile. Akikana, unapakua stetimenti ya M-Pesa na ubishi unakuwa mfupi.

Shida iko katikati, pesa inapovuka mpaka kwa SWIFT. Hapo inaweza kupitia benki ya tatu, kila benki ikakata chake, na kinachofika si kile ulichotuma. Kwa jirani yangu, gharama ziligawanywa kati ya mtumaji na mpokeaji, ile inayoandikwa SHA kwenye fomu. Benki ya kati ikakata pauni 15. Pauni 3,985 zilizobaki zikabadilishwa kwa shilingi 168, zikawa 669,480. Dalali akitafuta 680,000 kwenye akaunti yake haioni, na mtu mjanja anaweza kukuapia kwa kinywa kipana kwamba 680,000 haijaingia. Hajasema uongo hata kidogo!

Kwa hiyo tulianza upya, na safari hii kwa karatasi. Cha kwanza tulichoomba benki ya hapa ni nakala ya ujumbe wenyewe wa malipo. Wengi wanaujua kwa jina la zamani, MT103, ingawa sasa mabenki yamehamia muundo mpya wa ISO 20022. Humo mna jina la mtumaji, namba kamili ya akaunti ya mpokeaji, kiasi, tarehe, sababu ya malipo, na namba ndefu ya ufuatiliaji iitwayo UETR. Mawakili wengi nyumbani wanaupenda ujumbe huu kupita kiasi. Unathibitisha kwamba benki ilitoa agizo, basi. Malipo yaliyokataliwa nayo yana ujumbe kama huo.

Tulichokuwa tunakihitaji hasa ni hali ya malipo mwishoni mwa safari. Kwa kutumia UETR, kitengo cha malipo cha benki kinaweza kufuatilia pesa ilipopita. Hali ikisomeka ACSP, bado iko njiani. Ikiwa RJCT, imekataliwa. Ikiwa ACCC, benki ya mpokeaji imesema yenyewe kwamba imeiweka kwenye akaunti ya mteja wake. Mhudumu wa kwanza kwenye simu kwa kawaida hajui habari hizi. Mwambie unataka malipo yafuatiliwe kwa sababu mpokeaji anakana, naye atakupeleka kwa wanaohusika.

Barua ya uthibitisho tuliyoiomba benki ilipokuja ilikuwa na aya mbili tu, lakini zilizojaa: jina la mwenye akaunti, pauni 4,000, tarehe ya kutumwa, namba kamili ya akaunti ya Mombasa, UETR, kiasi kilichobaki baada ya makato ya kati, na sentensi kwamba benki ya mpokeaji imethibitisha kuiingiza. Barua inayosema tu “tunathibitisha mteja wetu alifanya malipo” irudishe. Haikufai kitu.

Pamoja na barua hiyo tuliambatisha stetimenti, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Watu hutoa ukurasa wa siku ile ya malipo pekee. Pesa iliyokataliwa hurudi, wakati mwingine baada ya wiki, tena ikiwa pungufu. Wakili wa upande wa pili atauliza: mnajuaje haikurudi? Stetimenti ianze kabla ya malipo na iendelee mpaka siku unayodai, ili ionekane hakuna kilichorejea. Usifute mistari mingine kwa wino. Kurasa zilizopakwa weusi huzua maswali zaidi kuliko zinavyositiri. Kama hutaki ada ya shule ya watoto ionekane, omba benki ikutolee taarifa ya muamala mmoja, halafu stetimenti kamili iende kwa wakili peke yake.

Kisha kukaja suala la muhuri. Hapa Uingereza barua ya benki mara nyingi ni faili ya PDF isiyo na muhuri wala saini ya wino, na matawi yanafungwa moja baada ya jingine. Kule nyumbani unakwenda tawini, unalipia, karani anagonga muhuri kila ukurasa na kutia saini. Wakili wa Mombasa alipoiona PDF yetu aliguna. Ajabu ni kwamba nchi zote mbili zinakunywa maji ya kisima kimoja: sheria ya Kiingereza ya vitabu vya benki ya 1879, ambayo roho yake imo katika Sheria ya Ushahidi ya Kenya, vifungu vya 176 na 177. Kinachotakiwa na vifungu hivyo ni ofisa wa benki athibitishe, kwa mdomo au kwa hati ya kiapo, kwamba nakala imelinganishwa na kumbukumbu halisi. Muhuri peke yake hautimizi hilo. Na chapa ya kompyuta, chini ya kifungu cha 106B, inahitaji cheti cha kueleza ilivyotolewa.

Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 kuna nafuu: Mahakama ya Madai Madogo haifungwi moja kwa moja na kanuni zote za ushahidi. Jirani yangu alikuwa anadai arudishiwe fedha, hakuwa anagombea ardhi yenyewe, hivyo mlango huo ulikuwa wazi kwake.

Hakufika huko. Dalali alipopelekewa barua yenye ACCC aligeuza kibao: pesa ameiona sasa, ila alidhani ni ya deni la zamani la shemeji wa dada. Hapo barua ya benki haikuweza kusema lolote, kwa sababu benki inajua pesa ilifika, haijui ilikuwa ya nini. Kilichomfunga mdomo ni sehemu ya sababu ya malipo ndani ya ule ujumbe, ambako dada alikuwa ameandika “DEPOSITI PLOTI KILIFI”, pamoja na ujumbe wa WhatsApp wa dalali mwenyewe akitoa namba ya akaunti kwa ajili ya ploti hiyo.

Kama nawe una malipo yanayobishaniwa, usingoje mazungumzo ya familia yaishe. Omba benki ifuatilie leo, wakati kumbukumbu bado ziko karibu, na uitake hali ya mwisho iandikwe ndani ya barua.