ALIJIRUSHA, AU HAKUIONA?
Namna ya kutoa ushahidi wa ajali ya kivuko cha reli



Ndugu yangu msomaji, leo nataka tukae kwenye jambo moja tu: ukishuhudia mtu anagongwa na treni akivuka reli, utasema nini utakapoulizwa? Najua wengi wetu tunavuka reli kila siku kwenda sokoni, kazini na msikitini. Ajali ikitokea, kabla damu haijakauka, kila mtu ana hukumu yake mdomoni. "Alikuwa na simu." "Dereva hakupiga honi." "Alijirusha." Maneno haya matatu nimeyasikia mara nyingi, na karibu kila mara msemaji hakuona anachokisema. Aliona kitu kingine, akajaza mwenyewe kilichobaki.

Nitakupa mfano wa tukio lililotokea mtaani kwetu.

Mama mmoja mtu mzima, umri wa miaka sitini na kitu, alikuwa anarudi sokoni asubuhi na ndoo ya dagaa kichwani. Kivuko chenyewe ni njia ya miguu tu. Hakina geti wala taa, kina kibao cha kuonya watu na kingine kinachomwagiza dereva apige honi. Treni ilitoka kwenye kona ikamgonga. Ilipofika adhuhuri, mtaa mzima ulikuwa umeshapokea neno la dereva kwamba mama yule alijirusha. Watoto wake wakaja kwangu wanalia, wakaniuliza kama mama yao ataswaliwa. Niliwajibu ataswaliwa, na akaswaliwa. Lakini lile neno halikuzikwa naye. Unajua mwenyewe uzito wake kwa familia ya Kiislamu: linabaki mlangoni kwao miaka na miaka.

Sasa sikiliza vizuri. Dereva hakusema uongo. Alisema alichodhani. Tatizo ni kwamba dhana yake ilipokewa kama ushahidi.

Walikuwepo mashahidi watatu. Kijana wa bodaboda alisema, "Treni haikupiga honi." Fundi cherehani akasema vivyo hivyo. Mama anayeuza chai akasema ilipiga, honi moja ndefu, kabla ya kona. Watu wakaanza kubishana nani mwongo. Hakuna aliyekuwa mwongo. Kijana alikuwa juu ya pikipiki inayounguruma, na fundi alikuwa ndani, redio imewashwa. Mama wa chai alikuwa nje, upande ule treni ilikotokea. Kwa hiyo ushahidi sahihi wa wale wawili ni "sikusikia honi", na kila mmoja aongeze: nilikuwa nimesimama hapa, kelele iliyonizunguka ni hii. Ukisema "haikupiga", umeshuhudia jambo la ndani ya kichwa cha treni, na wewe hukuwamo. Sheria ya ushahidi hapa Tanzania nayo inakwenda hivyo hivyo: aliyeona aseme aliona, aliyesikia aseme alisikia. Kauli ya "watu wanasema" haina nafasi.

Nikamuuliza mama wa chai swali moja: kabla hajakanyaga reli, mama yule alifanya nini? Akafikiri. Akasema, "Alisimama. Akageuza shingo huku, akageuza huku, ameishika ndoo kwa mkono. Halafu akaanza kuvuka. Alipofika katikati akashtuka, akapiga hatua mbili za haraka, ndoo ikaanguka." Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo. Wote walimuuliza tukio la mwisho, na hizo hatua mbili za haraka, ukiziona kutoka dirisha la dereva, zinafanana sana na mtu anayeruka mbele ya treni.

Basi ikabaki hoja: kama alisimama na kuangalia, kwa nini hakuiona treni? Hapa ndipo watu wengi wanaishia kwenye "siku yake ilifika". Siku yake ilifika kweli, lakini sababu ina haki ya kujulikana, kwa sababu kesho atavuka mwingine.

Askari aliyepewa jalada alikuwa muungwana. Tulimwomba aje pale asubuhi ya pili, saa ile ile ya ajali, naye akaja. Tulifanya kipimo ambacho hakihitaji mtaalamu. Unasimama pale anaposimama mvukaji kabla ya kuamua, kama mita mbili kutoka kwenye reli ya karibu. Usisogee zaidi ya hapo, na usiingie relini kwa sababu ya kupima. Unashika simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Treni ikianza kuonekana unabonyeza, na ikifika kwenye kivuko unabonyeza tena. Hizo sekunde ndizo mvukaji alizonazo.

Halafu unapima sekunde anazohitaji. Kuanzia mita mbili kabla ya reli, njia yenyewe mita moja na kidogo, mpaka mita mbili upande wa pili, ni kama mita tano. Kijana anayetembea kawaida huenda mita moja na robo hivi kwa sekunde, hivyo zinamtosha sekunde nne. Tulimwomba jirani wa rika la marehemu abebe ndoo kichwani, atembee mita tano kwenye uwanja wa msikiti. Alitumia sekunde saba.

Treni ya kwanza ilipokuja, sekunde kutoka kuonekana hadi kufika zilikuwa 15. Askari akanitazama. Zinatosha mara mbili! Kama tungeishia hapo, tungekuwa tumemhukumu marehemu kwa kipimo chetu wenyewe.

Ndipo likaja lori la saruji. Lilikuja kama linavyokuja kila asubuhi, likaegesha pembeni ya reli mbele ya duka, likaanza kushusha mifuko. Mama wa chai akasema, "Na jana lilikuwepo hapo hapo." Hakuna shahidi aliyekuwa amelitaja, kwa sababu kitu kinachoonekana kila siku jicho huacha kukiona. Tukasubiri treni nyingine kutoka upande ule ule, lori likiwepo. Tukiwa pale pale, tukapata sekunde sita.

Anahitaji saba, ana sita. Aliangalia kweli, na alipoangalia treni haikuwepo machoni pake. Na kwa upande wa dereva ni hivyo hivyo: lori lililomficha treni mama yule ndilo lililomficha mama yule dereva. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa treni inakwenda mita 11 kila sekunde. Sekunde sita ni mita 66, na treni yenye mabehewa haisimami kwa mita 66 hata breki zikamatwe zote. Kwa hiyo anayesema "dereva hakutaka kusimama" naye anadhulumu.

Askari aliliingiza lori kwenye mchoro wake, na mama wa chai akaandika maelezo. Sikwambii kwamba kipimo chetu kilithibitisha kila kitu. Treni ya siku ya ajali huenda ilikwenda kasi zaidi au pungufu, na kasi hiyo inatafutwa kwenye kumbukumbu za kichwa cha treni, haitafutwi kwetu. Lakini kilionyesha kwamba mtu anayetaka kuishi angeweza kabisa kugongwa pale. Hilo lilitosha kuliondoa lile neno. Baadaye viongozi wa mtaa waliweka mawe makubwa ili lori lisiegeshe tena mahali pale.

Utaniuliza, na kivuko chenye taa je? Hapo kuna mtego mwingine. Tarehe 3 Desemba 2005, katika kituo cha Elsenham, Uingereza, wasichana wawili wadogo walikuwa wanaiwahi treni iliyokuwa upande wa pili. Taa ilikuwa nyekundu na king'ora kinalia, lakini kigeti cha waenda kwa miguu hakikuwa kimefungwa kwa kufuli. Walivuka, wakagongwa na treni ya pili iliyokuja kwenye njia nyingine. Taa ile ile na king'ora kile kile vilikuwa vya treni zote mbili, kwa hiyo mtu angeweza kudhani vinaihusu ile anayoiona tu. Miaka kadhaa baadaye ziliibuka nyaraka zilizoandikwa kabla ya ajali, zikionya kuhusu hatari ya kivuko kile, na mwaka 2012 shirika lenye miundombinu ya reli likakiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya pauni milioni 1.

Kwa hiyo ukishuhudia ajali kwenye kivuko chenye taa, usiishie kusema "taa ilikuwa nyekundu". Sema ilianza kuwaka lini kwa kulinganisha na treni, kengele ilisikika au hukuisikia, geti lilikuwa juu au chini, na kulikuwa na treni ngapi. Na kama ulifika treni imeshapita, sema hivyo. Taa iliyozimwa baada ya treni kupita si ushahidi kwamba ilikuwa mbovu.

Basi ndugu yangu, ukijikuta pale, kwanza piga 112, na mtu mwingine akimbie kituo cha treni kilicho karibu wazuie treni inayofuata. Picha za maiti usipige wala usisambaze. Piga picha ya njia: simama alipokuwa amesimama mvukaji, kimo cha macho, upande treni ilikotokea, na kila kilichoegeshwa au kuota pale. Fanya siku hiyo hiyo, kwa sababu lori huondoka na majani hufyekwa. Andika peke yako ulichokiona kabla hujakaa na mashahidi wenzako, maana msibani hadithi tatu hugeuka moja. Polisi wakikuandikisha maelezo, omba usomewe, na pasipo maneno yako parekebishwe kabla hujaweka sahihi.

Na kama kivuko chenu kina lori la kila asubuhi, au kibanda, au majani yaliyofunika kona, nenda na simu yako ukahesabu sekunde leo. Zikiwa chache kuliko anazohitaji mzee mwenye mzigo, peleka kwa maandishi kwenye serikali ya mtaa na kwa wenye reli, ukitaja mahali, saa na sekunde, na nakala ubaki nayo.

Wabillahi tawfiiq.