Sare na Macho ya Mgeni

Neno sare katika Kiswahili lina upole wake. Timu mbili zikilingana mabao, twasema zimetoka sare. Kina mama wakishona kitenge cha aina moja kwa ajili ya arusi, hiyo nayo ni sare. Ni usawa mtupu. Mbona basi sare ya mlinzi humpandisha juu yetu?

Nilijiuliza hayo mwaka jana katika mnada mmoja wa ng'ombe hapa mkoani Simiyu. Kijana aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa, chenye mistari ing'aayo, aliniamuru niegeshe baiskeli upande wa pili na nilipe shilingi 1,000. Nikahama, nikalipa. Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua kadhaa nilipokumbuka kuwa sikudai stakabadhi. Nikageuka kukitazama kizibao: hakikuwa na jina la halmashauri wala la mtu. Nami ndiye niliyewafundisha vijana, miaka nenda miaka rudi, kuuliza "kwa nini?"

Mwaka 1974 mtaalamu wa saikolojia, Leonard Bickman, alichapisha majaribio aliyoyafanya katika mitaa ya Brooklyn, New York. Wasaidizi wake waliwaamuru wapita njia waokote mfuko chini, au wampe mtu wasiyemjua sarafu ya kulipia maegesho. Walivaa mavazi ya aina tatu: koti na tai, sare ya muuza maziwa, na sare ya mlinzi. Mlinzi ndiye aliyetiiwa zaidi, hata pale alipokwisha kuondoka asione lililotendeka. Muuza maziwa, ingawa naye alikuwa na sare, hakumpita sana mtu wa kawaida. Kumbe hatutii kitambaa. Twatii kazi ya kuamuru tunayoidhani imo ndani yake. Na mlinzi yule hakuwa na mamlaka yoyote juu ya sarafu za watu barabarani. Utii wetu ulivuka mpaka wa kazi yake.

Hali hiyo ni ya wasiojuana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri Usukumani, Sungusungu walizuka. Bariadi ilikuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Niliowaona mimi hawakuwa na sare. Walishika pinde na mishale, na mwano ulipolia kila mwanamume alitoka, kwa kuwa aliyeita alijulikana kwa jina, ukoo na boma. Mavazi yangemwongezea nini?

Juma lililofuata nilimkuta kijana yule kwa mama lishe, akinywa chai, bila kizibao.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akiinuka.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamtaja baba yake, niliyemfundisha. Kisha, kabla sijauliza neno jingine, akatia mkono mfukoni na kuiweka noti yangu ya elfu moja mezani.