Kuhamisha simu ya shangazi: kutoka Samsung hadi iPhone bila kupoteza kitu

Nimeadimika kidogo, kazi nyingi. Leo sina kodi za programu, nina kisa cha simu, na kinaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2021, nikiwa na digrii mpya ya kompyuta na kiburi cha kutosha, nilimhamisha mama kutoka Samsung kwenda iPhone. Niliona nakala ya akiba ya WhatsApp imeshapanda Google Drive, nikafuta simu ya zamani na kumpa binamu. Kumbe WhatsApp ya iPhone haisomi nakala ya Google Drive, inasoma ya iCloud tu. Ile nakala ilikuwepo mbinguni, lakini iPhone haikuwa na mlango wa kuiingiza. Ndani yake zilikuwamo jumbe za sauti za marehemu baba, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Simu ilikuwa imeshajazwa picha za binamu. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa Desemba 2024 nikaitwa Msambweni. Shangazi yangu, dada yake baba, ana vyumba vya wageni kule Diani na miaka sita ya maongezi ya wateja kwenye Galaxy A12. Mwanawe alimletea iPhone.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Simu hii ina sauti za babako. Ukizipoteza, usirudi hapa."

Basi sikugusa kitu kabla ya kukaa chini na kuchagua njia. Ile ya Google Drive nilishaijua. Ile ya `Export chat` inakupa faili la maandishi unaloweza kulisoma, lakini huwezi kulirudisha ndani ya WhatsApp. Kuna programu za kulipia za kompyuta, ila sikutaka kumkabidhi mtu nisiyemjua maongezi ya shangazi. Iliyobaki ni Move to iOS, programu ya Apple inayowekwa kwenye Android, ambayo tangu 2022 inabeba na WhatsApp pia. Mwaka 2021 nilipomharibia mama, njia hii haikuwepo.

Kwanza nikafanya jambo ambalo sikulifanya kwa mama. Nilichomeka waya wa USB kwenye laptopu na kunakili folda nzima iliyoko hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/
```

Ilikuwa GB 14. Ndani ya `Media` kuna folda ya `WhatsApp Voice Notes`, na kila sauti ni faili lenye jina kama `PTT-20190814-WA0003.opus`. Jina linakuambia tarehe, halikuambii nani alisema. Kwa hiyo folda hii inaokoa sauti, haiokoi maongezi. Ukiwa nayo peke yake utasikiliza mamia ya faili kumtafuta mtu mmoja. Lakini ni afadhali mara mia kuliko nilivyomfanyia mama.

Pili, majina. Kwenye Android namba za watu hukaa sehemu tatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, na kwenye akaunti ya Google. Ukifungua orodha unaziona zimechanganyika, kwa hiyo hujui kipi kiko wapi. Watu wengi hutegemea Google pekee na kukuta nusu ya majina haipo. Nilitoa majina yote kuwa faili moja la `.vcf`, nikayahesabu kwenye laptopu:

```
grep -c "BEGIN:VCARD" majina.vcf
```

Jibu lilikuwa 731. Akaunti yake ya Google ilikuwa na 418 tu! Wale 313 waliobaki, pamoja na fundi wa bomba na mwenye lori la maji, walikuwa kwenye laini na kwenye simu. Niliingiza faili lile kwenye Google, nikafuta yaliyojirudia, yakabaki 690. Nikaiandika namba hiyo kwenye karatasi.

Sasa uhamisho wenyewe. Kikwazo cha kwanza: dukani walikuwa wameshaiwasha iPhone na kuiwekea kila kitu. Chaguo la kuhamisha kutoka Android lilionekana tu pale iPhone ilipokuwa inawashwa kwa mara ya kwanza. Ilibidi niifute upya kupitia `Settings > General > Transfer or Reset iPhone`, na kabla ya hapo nilimpigia binamu anipe nywila ya akaunti ya Apple, maana bila hiyo simu ingejifunga.

Nilichomeka simu zote mbili kwenye chaji. iPhone ikaonyesha namba ya siri, nikaiandika kwenye Samsung, zikaungana kwa waifai ambayo iPhone inaitengeneza yenyewe. Hapa unazima data ya bando kwenye Android, kwa sababu waifai ile haina intaneti, na Android ikihisi hivyo inaikimbia na kurudi kwenye bando. Kisha nikachagua WhatsApp kwenye orodha, nikabonyeza `Start`. WhatsApp inajiandaa, halafu inakutoa kwenye akaunti kwenye simu ya zamani. Shangazi alipoona hivyo alishika kichwa. Nikamweleza kuwa maongezi bado yamo ndani ya Samsung, hayaondoki mpaka mtu ayafute.

Tulifika kama robo, mteja wa Diani akapiga simu kuuliza chumba. Shangazi akapokea kwa mazoea, Move to iOS ikatoka mbele ya kioo, muungano ukakatika. Kufuta iPhone tena, kuanza tena. Mara ya pili nilitoa laini kwenye Samsung kabisa, na nikakaa nayo mapajani ili mtu asiiguse. Ilichukua karibu saa mbili.

Mwisho wake nikaweka laini kwenye iPhone, nikapakua WhatsApp, nikaandika namba ileile ya simu. Lazima iwe ileile. Namba tofauti haitavuta kitu. Ikauliza kama ihamishe maongezi, nikabonyeza `Start`. Hapo si pa kupita haraka haraka.

Halafu kuhakiki. Majina: 690, sawa na karatasi. Orodha ya simu zilizopigwa ndani ya WhatsApp haikuja, na hilo ni la kawaida. Nilifungua maongezi ya mwanzo kabisa ya mwaka 2018, nikapanda juu mpaka mwisho. Tukafungua maongezi ya baba. Sauti ishirini na tatu. Shangazi akabonyeza moja, baba akasikika akiuliza kama samaki wa Shimoni wamefika na kwa nini hakuna aliyemwambia. Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Jambo moja la mwisho. Maongezi yaliyohamishwa hayana nakala popote mpaka uiweke iCloud, na nafasi ya bure huko ni GB 5. Maongezi ya shangazi ni GB 14, hayaingii. Kwa hiyo Samsung haijafutwa. Imezimwa, iko kwenye droo yake pamoja na karatasi ya hesabu, na folda iko kwenye laptopu yangu na diski moja ya nje.

Zile sauti ishirini na tatu nilizifungua kutoka kwenye maongezi, nikazilinganisha na faili kwa tarehe, nikampelekea mama. Si zile zake. Zake zilimwita yeye kwa jina, na hizo nilizipoteza mimi.

Tuonane tena panapo majaliwa.