Tawi la Chai

Jumapili moja ya Septemba 1997, wingu likiwa limefunika Mlima Rungwe, sisi vijana wa kanisa la Moraviani tulibanana kwenye mabenchi, nje kidogo ya Tukuyu. Wengi tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na matokeo hayakutubeba. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu na mkulima wa chai, akaingia na mfuko. Akatoa matawi mawili, kila moja urefu wa mkono.

"Wanangu, haya nimeyatoa kwenye chai niliyoikata mwezi wa Juni. Yaangalieni vizuri."

Tawi la kwanza lilikuwa na chipukizi za kijani kibichi, ndogo kama punje za mtama, pembeni kidogo ya jeraha. La pili lilikuwa limepasuka na kuwa jeusi. Hilo, alisema, lilikatwa na kisu butu. Maji ya mvua yaliingia kwenye mpasuko, likaoza.

Akatueleza kwamba chai ikiachwa bila kukatwa hurefuka ikawa mti, na mchumaji haifikii. Kwa hiyo baada ya miaka michache mkulima huikata hadi usawa wa goti. Kwa miezi kadhaa hakuna jani la kupeleka kiwandani, na hapo ndipo wengi huharibu: chipukizi zikitokeza tu, wanachuma. Shina lisilo na majani linaishi kwa akiba ya mizizi. Ukichuma mapema, akiba inakwisha na matawi yanakauka kuanzia nchani.

"Kuvumilia si kukaa tu," akasema. "Ni kunoa kisu kabla ya kukata, na kuzuia mkono baada ya kukata."

Kisha akatuchagulia nyimbo tatu.

Ya kwanza, "Ni Salama Rohoni Mwangu", kwa aliyekatwa. Horatio Spafford aliitunga baada ya binti zake wanne kuzama baharini mwaka 1873. "Huyu hakusema hakuumia," akasema Mwalimu.

Ya pili, "Yesu Kwetu ni Rafiki", kwa anayesubiri. Joseph Scriven, akiwa Kanada, aliandika maneno yake mwaka 1855 kumfariji mama yake mgonjwa kule Ayalandi.

Ya tatu ilitushangaza: "Mungu Ibariki Afrika", kwa anayepanda asichochuma. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alitunga muziki wake mwaka 1897, akafariki mwaka 1905. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na kuufanya muziki huo kuwa wa wimbo wa taifa, yeye alikuwa kaburini miaka 56.

Tuliimba zote tatu tukiwa tumesimama. Tukamwambia, "Ndaga fijo, Mwalimu."

Mwaka uliofuata nilirudia mtihani, nikafaulu. Leo nina shamba langu la chai, na kila Juni, kabla sijakata, nakaa kizingitini kunoa kisu.